Sertifika ina jina moja, lakini shamba lina watoto watano

Katika Kivu Kusini, mtu akikuambia kwamba familia yake inagombana kwa ajili ya shamba, mara nyingi anafikiri adui ni jirani, ni tajiri wa Bukavu au ni kiongozi wa grupema aliyeuza mara mbili. Adui hao wapo. Lakini mafaili mengi ya Bushi, ukiyafungua vizuri, yanaonyesha kitu kingine: shamba la ukoo lilitoka mikononi mwa ukoo siku ile mtoto mmoja alipokwenda kuliandikisha kwa nia nzuri, ili lisiibiwe. Leo ninataka kuzungumza juu ya siku hiyo, kwa sababu viongozi wetu wanaendelea kuwaambia wakaaji wa vijiji waende wakatafute sertifika, bila kuwaeleza sertifika inafanya nini ikiisha kutoka.

Tuanze kwenye kilima. Wazee wengi wa Kabare na Walungu walipata ardhi kwa njia ya kalinzi. Mtu alikwenda kwa mwenye mamlaka ya udongo, mwami mwenyewe au mkubwa aliye chini yake, akatoa ng'ombe, siku hizi mbuzi au dola, na mbele ya mashahidi akaonyeshwa mipaka. Tangu hapo shamba lilikuwa lake na la uzao wake. Hakuwa mpangaji kama mtu wa bwasa, anayelima msimu mmoja au miwili kisha anarudisha. Na tena hakuwa kama mtu wa bugule, aliyenunua moja kwa moja na kumaliza. Mtu wa kalinzi alibaki amefungwa na yule aliyempa: hakuweza kuuza kwa mgeni bila yeye kujua, na alipokufa, mrithi wake alikwenda kujitambulisha. Kwa maneno mengine, kalinzi haikumpa mtu udongo peke yake, ilimpa nafasi ndani ya mfululizo wa watu, wengine wamekufa na wengine hawajazaliwa.

Baba akifa, familia inakaa mwisho wa matanga na kumtambua mrithi. Mara nyingi ni kijana wa kwanza. Hapa ndipo watu wa mjini wanaposikia vibaya. Neno mrithi, kwa desturi hiyo, si mtu aliyepewa mali yote aifanyie anavyotaka. Ni mtu aliyeingia katika viatu vya baba. Anapaswa kuwaonyesha wadogo zake sehemu za kujenga, kumwachia mama migomba iliyo karibu na nyumba, kumpokea dada aliyerudi kutoka ndoa iliyovunjika na kumpa mahali pa kulima. Anaongoza shamba, halimiliki. Na akijaribu kuliuza, baba wadogo wanainuka, na aliyetoa kalinzi anainuka pia.

Sasa twende upande wa sheria iliyoandikwa. Serikali haikuanza leo kusema udongo ni wake. Tangu mwaka 1885, wakati wa Mfalme Leopold, ardhi iliyoitwa tupu ilihesabiwa kuwa ya Serikali, na ardhi nyingi ambayo wazungu waliiita tupu ilikuwa malisho, ilikuwa misitu ya ukoo, au ilikuwa imepumzishwa tu. Ndivyo mashamba makubwa ya chai, kahawa na kinkina yalivyopata nafasi Kivu. Halafu ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya Serikali peke yake, hauuzwi wala haupotei kwa kupita kwa wakati. Kifungu cha 387 kinaingiza katika ardhi ya Serikali hata ile inayokaliwa na jamaa za vijijini. Kifungu cha 388 kinaeleza ni ardhi gani hiyo: ile ambayo jamaa hizo zinaikaa, zinailima au kuitumia kwa namna yoyote, mtu mmoja mmoja au wote pamoja, kwa kufuata desturi. Na kifungu cha 389 kinaahidi kwamba haki za watu hao zitapangwa na ordonansi ya Rais wa Jamhuri.

Ordonansi hiyo ilingojewa na baba zetu, nasi tukaingojea. Watoto waliozaliwa mwaka 1973 leo ni mababu. Katika pengo hilo, Mahakama Kuu ya Haki ilikubali mwaka 1988 kwamba wakati wa kungoja, haki za wenyeji juu ya ardhi hizo zinaendelea kuongozwa na desturi. Na Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu mmoja au ya kundi iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kalinzi ya babu yako haina thamani mbele ya sheria, anakudanganya. Thamani inayo. Kinachokosekana ni karatasi ya kuionyesha, na mahali pa kuiandika.

Pengo hilo ndilo linalowasukuma watu kwenda kwa konsevateri wa hati za ardhi. Na ni hapo ninapotaka tutulie kidogo, tuchukue mfano mmoja na tuufuate hatua kwa hatua. Familia hii nimeitunga, lakini yeyote aliyewahi kukaa katika baraza la kilima ataitambua.

Babu alipata kalinzi ya hekta mbili, miaka ya mwisho ya ukoloni, kwa ng'ombe mmoja. Migomba juu, nyumba katikati, maharage na mihogo kwenye mteremko, na kipande kinachogusa kinamasi huko chini. Baba akairithi, akafa. Amewaacha mjane na watoto watano: vijana watatu na wasichana wawili. Kijana wa kwanza anafanya kazi Bukavu. Wadogo wake wawili wamejenga kwenye shamba. Msichana mmoja ameolewa, mwingine amerudi nyumbani na watoto wake. Familia imemtambua mkubwa kuwa mrithi.

Baada ya miaka michache, uvumi unaanza kwamba kiongozi wa grupema anaonyesha kilima kwa wanunuzi. Mkubwa anashtuka. Anawaambia wadogo zake: nipeni uwezo, nikatafute sertifika, mtu asituguse tena. Wote wanakubali, hata mama anauza mbuzi wawili ili kusaidia gharama. Hakuna mwizi katika hadithi hii.

Mkubwa anaandika barua ya kuomba ardhi. Hapo tayari kitu kimebadilika, kwa sababu sheria inamtaka aombe kwa Serikali shamba ambalo familia yake inalima kwa vizazi vitatu. Watu wa kadastri wanakwenda kupima na kuweka alama za mipaka. Panafanywa uchunguzi, na pevee inaandikwa. Panatoka mkataba wa muda, wenye sharti la kuliendeleza shamba. Sharti likitimizwa, anaweza kupata ile inayoitwa konsesyo ya daima, na sertifika ya uandikishaji inatolewa. Kwa ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 10, konsevateri anaweza kutia saini mwenyewe kwa idhini ya gavana, haihitaji kwenda hadi Kinshasa.

Sertifika ina jina la nani? La mkubwa. Na hili si kosa la karani. Kifungu cha 80 cha sheria ya ardhi kinasema konsesyo ya daima inatolewa kwa mtu wa nyama na damu mwenye uraia wa Kongo. Ukoo si mtu wa namna hiyo. Familia haina kitambulisho cha mpiga kura. Hakuna mahali kwenye karatasi pa kuandika: huyu ni mrithi tu, anasimamia kwa niaba ya mama na ndugu zake wanne. Karatasi inamjua mwenye jina, na wengine wote haiwajui.

Miaka kumi inapita, hakuna tatizo. Mkubwa anakuja kila sikukuu, anakula ndizi za mama, anarudi mjini. Kisha anakufa. Na sasa tufungue Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016. Warithi wa daraja la kwanza ni watoto wa marehemu. Wanapata robo tatu ya mali. Robo inayobaki ni ya daraja la pili, yaani mjane wake, wazazi wake, na ndugu zake. Marehemu ni nani hapa? Si baba tena. Ni mkubwa. Kwa sheria, hekta mbili za babu zimekuwa mali ya mkubwa, na robo tatu yake, hekta moja na nusu, inakwenda kwa watoto wake waliozaliwa Bukavu, ambao labda hawajui hata kushika jembe. Wadogo zake wawili waliojenga kwenye shamba, dada aliyerudi, dada aliyeolewa na mama mzee, wote pamoja wanaingia katika ile nusu hekta inayobaki, tena wakigawana na mjane wa mkubwa.

Na kama watoto wa mkubwa wanataka kuuza, hawahitaji kumuuliza mtu wa kilima. Wanakwenda tribinali, ile ya grand enstans, wanaomba ordonansi ya kuwatambua kama warithi, wanapeleka kwa konsevateri, na sertifika mpya inatoka kwa majina yao. Mnunuzi anakuja na pesa, jina linabadilishwa tena. Kifungu cha 227 cha sheria ya ardhi kinaipa sertifika nguvu kubwa sana: haki zilizoandikwa ndani yake hazishambuliwi, na anayelalamika anaweza tu kudai fidia ya pesa. Kuna mlango mdogo wa miaka miwili ya kwanza baada ya jina kubadilishwa, ambapo anayedai kwamba palikuwa na udanganyifu au makosa anaweza kuomba ardhi yenyewe irudishwe. Baada ya hapo mlango unafungwa. Wadogo wa mkubwa, kwa kawaida, watajua habari hii siku ile mtu mgeni atakapokuja na waya wa kuzungushia shamba. Ukihesabu, utakuta mara nyingi miaka miwili imekwisha kupita.

Tazama vizuri: katika safari hii yote hakuna aliyevunja sheria. Watoto wa mkubwa wanadai urithi wa baba yao, na sheria inawapa haki. Mnunuzi aliuliza kwa konsevateri, akaambiwa hati ni safi. Wadogo nao wana haki yao ya kalinzi, iliyo nzuri kabisa kwa desturi. Sheria mbili zinazungumza juu ya shamba moja, na moja ndiyo inayosikilizwa.

Wengine watasema: basi tukatae sertifika, turudi kwa desturi. Mimi sikubali. Desturi wanayoisifu si ile ya babu. Zamani aliyetoa kalinzi alihitaji watu, kwa sababu ukubwa wake ulihesabiwa kwa watu walio chini yake. Leo watu wamejaa na ardhi imekwisha, na sasa udongo una bei kuliko wakaaji. Kiongozi anayeweza kumpa mkulima kalinzi kwa mbuzi anaweza kumpa mfanyabiashara hekta zile zile kwa dola elfu kadhaa. Anatia saini kwamba ardhi ni tupu. Mahali pengine mwenye kalinzi wa zamani anaambiwa alipe tena, eti kwa sababu mkubwa amebadilika. Na mashahidi walioonyesha mipaka wamekufa. Vita vimewafukuza watu, wamerudi, wamekuta miti ya mpaka imekatwa kuni.

Na kuna wasichana. Kwa desturi ya kwetu, msichana analima kwa baba lakini hasimami mahali pa baba. Kanuni ya Familia haitofautishi: mtoto ni mtoto. Katika mfano wetu, kama mali ya baba ingegawanywa kwa kanuni hiyo siku baba alipokufa, robo tatu ya hekta mbili ni ari 150, kila mtoto ari 30, msichana sawa na mvulana. Najua wazee watanung'unika wakisoma hesabu hii. Watasema msichana atapeleka shamba kwa ukoo wa mume. Lakini hao hao wamekaa kimya wakati karatasi moja ilipopeleka shamba zima kwa mtoto mmoja wa kiume na kwa mnunuzi wake. Ukoo umepoteza zaidi kwa njia hiyo kuliko ambavyo ungepoteza kwa binti zake wote.

Basi familia yenye hekta mbili ifanye nini? Ninatoa maoni yangu, na mwanasheria anayefikiri vingine aandike.

Jambo la kwanza, hesabu ifanywe kwenye urithi wa baba, kabla ya hatua nyingine yoyote. Kanuni ya Familia inasema mali ya marehemu inasimamiwa na mrithi mkubwa kwa umri, au mwingine ambaye warithi wamemchagua, na kazi yake ni kugawa, si kumiliki. Hili linafanana na desturi kuliko watu wanavyodhani, na ningependa wazee walitumie. Mwisho wa matanga, pale pale ambapo mrithi anatambuliwa, iandikwe akti ya familia. Iseme kalinzi ilitoka kwa nani, lini, kwa malipo gani. Iandike majina ya watoto wote, wa kike na wa kiume, na la mjane. Iseme kila mmoja analima wapi, na mipaka itajwe kwa majina ya majirani, si kwa maneno kama "mpaka kwenye mti mkubwa". Majirani wa pande zote watie saini au kidole. Kiongozi wa kijiji na wa grupema waweke muhuri, na kopi moja ibaki kwenye ofisi ya sheferi. Kila mtoto awe na kopi yake, kwa sababu karatasi iliyo ndani ya sanduku la mkubwa peke yake itakuwa karatasi ya mkubwa.

Akti hii haiwezi kuiangusha sertifika, nisidanganye mtu. Lakini inafanya kazi mbili. Mbele ya hakimu, inathibitisha haki ya desturi ambayo Katiba inailinda. Na kabla ya kufika kwa hakimu, inazuia mtu mmoja kwenda kuomba shamba kama lake peke yake, kwa sababu ofisi ya sheferi ina kopi inayosema vingine.

Jambo la pili, kama familia inataka sertifika kweli, iombe kwa majina ya wote. Sheria inaruhusu watu kadhaa kuwa na mali moja pamoja. Majina matano, au sita pamoja na mama, yaingie katika barua ya maombi, yaingie katika mkataba, na yaonekane kwenye sertifika pamoja na sehemu ya kila mmoja. Wakati huo hakuna anayeweza kuuza shamba zima bila saini za wengine, na mmoja akifa, ni sehemu yake tu inayokwenda kwa watoto wake. Njia hii ina ubaya wake. Ni nzito. Baada ya kizazi kimoja majina yanakuwa ishirini, kila kifo kinadai ordonansi ya tribinali, na familia ya kilimani itachoka na kuacha, halafu hati itabaki na majina ya wafu. Ndiyo sababu, kwa shamba dogo, mimi napendelea akti ya familia iliyo imara kuliko sertifika iliyo dhaifu. Kugawa hekta mbili kwa sertifika tano ni kuwalipa wapimaji pesa ambayo ingesomesha watoto.

Jambo la tatu linamgusa konsevateri na administrateri wa teritware, na hapa nina hasira kidogo. Sheria ya 1973, pamoja na makosa yake yote, iliweka kizuizi kizuri. Vifungu vya 193 na 194 vinadai uchunguzi kabla ya kutoa ardhi ya kijiji. Ombi libandikwe mwezi mmoja watu walione. Mchunguzi afike mahali penyewe, aone mipaka, ahesabu watu wanaokaa au kufanya kazi yoyote pale, aandike kilichomo, mashamba, miti, mito, njia, na asikilize kila anayelalamika kwa mdomo. Fikiria kama hayo yangefanywa kwenye kilima cha mfano wetu. Mchunguzi angewakuta wadogo wawili na nyumba zao, angemkuta dada na watoto wake, angemkuta mama kwenye migomba. Angewaandika. Mkubwa asingepata hati ya peke yake, hata kama hakuwa na nia mbaya, kwa sababu pevee ingesema kuna watu sita wenye haki hapa.

Lakini uchunguzi mwingi unafanyika mezani. Unaweza kuutambua kwa urahisi ukipata kopi ya faili. Tazama tarehe: uchunguzi na upimaji vimefanyika siku moja, na ule mwezi wa tangazo haupo. Tazama saini: kiongozi wa grupema ametia, jirani hata mmoja hakutia. Tazama mahali pa kuhesabu watu: pameandikwa "hakuna", wakati picha ya kilima inaonyesha moshi wa majiko. Tazama mipaka: namba tu, bila jina la mtu anayepakana. Ukikuta mambo haya mawili au matatu pamoja, peleka kwa avoka haraka, kwa sababu kifungu cha 204 kinasema mkataba uliofanywa kinyume cha sheria hiyo ni bure. Mwenye sertifika atajibu kwa kifungu cha 227, na mabishano yatakuwa marefu, lakini familia haikuja mikono mitupu. Na kama hati imebadilishwa jina hivi karibuni, ihesabu miaka miwili tangu tarehe iliyo kwenye sertifika, si tangu siku uliyopata habari.

Wakubwa wa Kinshasa wamezungumza sana juu ya mageuzi ya ardhi. Kuna tume ya taifa tangu mwaka 2013, na Serikali ilipitisha siasa ya ardhi mwaka 2022 inayokubali kwamba ardhi za desturi zinapaswa kulindwa. Vema. Lakini nikisoma maandishi haya ninatafuta jibu la swali moja dogo: ukoo, au nyumba ya baba, itaandikwa kwa jina gani? Kama sheria itaendelea kumjua mtu mmoja mmoja tu, basi kila kampeni ya kutoa hati vijijini itakuwa ni kampeni ya kuchagua mtoto mmoja kati ya watano. Kuandika jina la nyumba ya baba kwenye daftari la sheferi, pamoja na orodha ya watu wake inayofanywa upya kila kifo na kila mazao ya ndoa, si jambo la ajabu. Sehemu nyingine za nchi yetu mashirika yamejaribu kusaidia sheferi kuwa na madaftari ya namna hiyo. Yanahitaji sheria iyatambue, na konsevateri alazimishwe kuyatazama kabla ya kutia saini.

Wakati wa kungoja, kuna jambo ambalo administrateri wa teritware anaweza kufanya bila sheria mpya na bila msaada wa mtu. Aamuru kwamba kila ombi la ardhi ya kijiji lisibandikwe tu kwenye ukuta wa ofisi yake, ambako mama wa kilimani hafiki. Libandikwe kwenye mlango wa kanisa la kilima chenyewe, na lisomwe kwa Mashi sokoni siku ya soko, pale Mugogo kwa mfano, kwa muda wa ule mwezi mmoja, likitaja jina la anayeomba na majina ya majirani wanne. Wadogo wa mkubwa watalisikia. Dada yao aliyeolewa kilima cha pili atalisikia pia, na atakuwa na siku 30 za kuja kusema kwamba na yeye ni mtoto wa shamba hilo.